Eka Nne za Kaka Mkubwa: Alichopewa Mtoto, Mzee Akiwa Hai, Kinahesabiwa

(Haya ni maongezi niliyotoa Jumamosi moja kwa wazazi na vijana kwenye ukumbi wa kanisa huku Kitale. Wengi waliokosa nafasi ya kuja waliniomba niyaandike, nimeyaacha karibu vile nilivyoyasema.)

Hamjambo wazee wangu, hamjambo akina mama, vijana nanyi mko? Asanteni kwa kunialika. Mimi ni loya, kesi zangu nyingi ni za mirathi, na leo sitaki kuwazungushia sheria yote ya urithi kwa sababu tutalala hapa. Nataka jambo moja tu, lile ambalo nimeona likivunja nyumba nyingi kuliko hata kukosekana kwa wosia. Mzee akiwa hai alimpa mtoto mmoja kitu, shamba au ploti au pesa ya maana, halafu mzee akaenda, sasa watoto wamekaa chini kugawa kilichobaki na yule aliyepewa amekaa hapo hapo na wenzake akingoja fungu sawa na wao. Je, kile alichopewa kinahesabiwa au hakihesabiwi?

Kinahesabiwa. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, ilianza kutumika tarehe 1 Julai 1981, na kifungu chake cha 42 kinasema kwamba kama marehemu ambaye hakuacha wosia alilipa, alitoa au aliweka mali kwa faida ya mtoto, mjukuu au nyumba, yaani mke na watoto wake, basi mali hiyo lazima iangaliwe wakati wa kuamua fungu la mwisho la yule mtoto, mjukuu au nyumba. Ni kifungu kifupi, ukikisoma unaweza kudhani hakina kazi kubwa. Lakini niwaambie kazi yake nikiwa na mfano mkononi, maana bila hesabu hili jambo linabaki hewani.

Kuna mama mmoja alikuja ofisini akiwa na mfuko wa nailoni wa duka, ndani yake karatasi zimekunjwa mpaka zimeanza kukatika kwenye mikunjo. Yeye ni mtoto wa pili kwao, wako watano. Nitabadilisha mambo kidogo ili mtu asianze kutafuta ni akina nani. Baba yao alikuwa na eka 20. Mama alitangulia kufa, mzee akafuata, wosia hakuna. Mwaka 1998 mzee alimkatia kifungua mimba eka 4, wakaenda bodi ya ardhi, konsenti ikatoka, sevea akapima, kijana akapata hatimiliki yake kwa jina lake. Mtoto wa tatu, naye wa kiume, alionyeshwa eka 3 kule chini karibu na mto, akajenga, akapanda mikaratusi, lakini karatasi hana, ni kuonyeshwa tu kwa mdomo. Wa nne mzee alimuuzia eka moja kwa jirani ili anunuliwe matatu. Mabinti wawili, yaani huyu mama na kitinda mimba, hawakupewa kitu. Kwa hivyo kwa jina la mzee zilibaki eka 15, na hizo 15 zinajumlisha zile 3 za mikaratusi, hapo mshike vizuri kwa sababu tutarudi.

Sasa vijana wa kiume walikuwa wameshaandika mgao wao na wanataka dada zao watie sahihi. Mgao wenyewe ulikuwa hivi, eka 3 za mtoto wa tatu zitolewe kwanza kwa sababu ati hizo ni zake tayari, zinabaki 12, zigawanywe kwa watano, kila mtu eka 2 na pointi 4. Na ukiangalia haraka unaona ni haki kabisa, si kila mtu amepata sawa? Lakini hebu jumlisha. Kifungua mimba ana 4 za zamani na 2.4 mpya, ni 6.4. Wa tatu ana 5.4. Wa nne ana 2.4 na alishapewa matatu. Mabinti 2.4 kila mmoja na hawajawahi kupewa hata kijiko. Usawa ulikuwa kwenye karatasi tu.

Kifungu cha 42 kinataka hesabu nyingine. Mimi huwaambia watu turudishe kwenye chungu. Unachukua kilichobaki kwa jina la marehemu, eka 15, unarudisha kwa hesabu tu kile kilichotolewa, eka 4 za kifungua mimba na ile eka moja iliyogeuka matatu, unapata eka 20. Mama yao hayupo, na kifungu cha 38 kinasema watoto wanagawana sawa, kwa hivyo 20 kwa watano ni eka 4 kila mtu. Halafu unamtolea kila mmoja alichokwisha kupata. Kifungua mimba fungu lake ni 4 na alishapewa 4, basi hapati tena. Wa nne anapata 3. Mabinti wanapata 4 kila mmoja. Na wa tatu anapata 4, zile 3 alizojengea zikiwa ndani yake na anaongezewa moja hapo kando. Jumlisheni nyinyi wenyewe, 4 na 4 na 4 na 3 ni 15, ndizo zilizopo. Hakuna aliyefukuzwa kwake na hakuna mkaratusi uliokatwa.

Mtu mmoja hapo mbele anatikisa kichwa, najua anafikiria nini, mbona wa tatu hatukumrudisha kwenye chungu kama kaka yake? Swali zuri, na hapa ndipo hata mawakili wengine huteleza. Hizo eka 3 hazikuwahi kutoka. Kwa macho ya sheria, shamba la kilimo linatoka kwa mzee likihamishwa na kusajiliwa, na kabla ya hapo linahitaji konsenti ya bodi ya ardhi, hata kama ni zawadi na si mauzo, na hiyo konsenti inaombwa ndani ya miezi 6 la sivyo makubaliano yenyewe yanakufa. Mahakama Kuu imerudia hili mara nyingi, zawadi ya ardhi iliyosajiliwa lazima ikamilike kwa uhamisho uliosajiliwa au kuwe na maandishi yanayoonyesha mzee alijifunga kumshikia mtoto huyo. Kuonyeshwa kwa kidole, "wewe lima hapa", mara nyingi ni ruhusa ya kulima tu. Basi hizo eka bado ni za mzee, zimo ndani ya 15, na ukizirudisha tena kwenye chungu utakuwa umezihesabu mara mbili.

Kwa hivyo ukikaa na familia, kabla ya kugombana, chukueni karatasi na kila kitu muulize hivi: kilitoka kabisa au hakikutoka? Kama kilitoka kabisa, si mali ya marehemu tena, hakuna wa kukichukua kwa mwenyewe, lakini kinahesabiwa kwenye fungu lake. Kama hakikutoka, ni mali ya marehemu kama shamba lingine, ila kwa busara yule anayekaa pale apangiwe pale. Na kuna aina ya tatu, alikinunua. Mtoto anaweza kuwa alimlipa baba yake pesa halali, na hiyo si zawadi, haihesabiwi hata kidogo, lakini alete ushahidi, makubaliano ya mauzo, risiti za benki, mashahidi. Nimeona kesi kijana anasema alinunua na ukienda kwa rejista ya ardhi ukaomba grini kadi, ile rekodi ya historia ya shamba, unakuta pale kwenye uhamisho pameandikwa ni zawadi, na nimeona kinyume chake pia, ndugu wanapiga kelele zawadi zawadi na kadi inaonyesha bei. Kwa hivyo msibishane kwa midomo, endeni mfanye sachi, muombe na grini kadi yenyewe maana sachi ya kawaida inakuonyesha mwenye shamba wa leo tu, haikupi historia.

Kuhusu ile matatu tulihangaika zaidi. Pesa haina grini kadi. Yule mama alikuwa na makubaliano ya mauzo ya ile eka, ya mkono, mzee ameweka kidole gumba, ndiyo ilikuwa karatasi iliyokatika zaidi kwenye ule mfuko, na tarehe yake ilikuwa wiki mbili kabla ya gari kusajiliwa kwa jina la ndugu yake. Kijana alisema mwanzoni ilikuwa mkopo na alishamrudishia mzee. Sawa, kama ni mkopo umelipwa, hakuna kitu cha kuhesabu, na kama ni mkopo haujalipwa basi ni deni anadaiwa na mali ya marehemu, hilo linaweza kumuumiza zaidi kuliko zawadi. Aliposikia hivyo alinyamaza kidogo, halafu akasema ilikuwa zawadi. Tukakubaliana kuihesabu kama eka moja kwa sababu ilitoka kwa eka moja. Lakini hilo lilikuwa ni kukubaliana, msidhani sheria imeandika hivyo.

Maana kusema kweli hapo ndipo kifungu cha 42 kina upungufu, hakisemi thamani ni ya lini. Eka za kifungua mimba mwaka 1998 zilikuwa vichaka, leo barabara ya lami imepita mbele yake na watu wanakata ploti. Za mabinti ziko nyuma, mvua ikinyesha trekta haifiki. Je, tuhesabu eka kwa eka au pesa kwa pesa, na pesa ya 1998 au ya leo? Kwenye mashamba ya huku wengi tunaenda eka kwa eka, na inafaa pale udongo ni ule ule na njia ni ile ile. Pale ambapo tofauti ni kubwa, lipeni mthamini aangalie vyote siku moja, kile kilichotolewa na kile kilichobaki, ili angalau mfananishe vitu kwa kipimo kimoja. Na maoni yangu, nimeyasema hata kortini, ni kwamba mthamini aangalie ardhi bila nyumba aliyojenga mtoto mwenyewe kwa jasho lake. Baba alimpa shamba tupu, hakumpa nyumba ya mawe, si haki kumkata mtu fungu kwa sababu alifanya kazi.

Halafu kuna yule aliyepewa kupita kiasi. Tuseme kifungua mimba alipewa eka 8 na zimebaki 12, watoto ni wale wale watano. Chungu ni 20, fungu ni 4, yeye ana 8. Je, arudishe 4? Hapana. Zawadi iliyokamilika haichukuliwi kwa kifungu hiki, yeye anakaa nje tu. Na hapa watu hukosea hesabu, wanasema basi wale wanne kila mmoja apate 4, wakati 4 mara 4 ni 16 na shamba lililopo ni 12. Yule aliyezidi unamtoa yeye na zawadi yake yote, halafu unagawa 12 kwa wanne, eka 3 kila mtu. Inauma, najua, wenzake wanabaki na 3 na yeye ana 8, lakini baba alikuwa na haki ya kutoa mali yake akiwa hai, sheria haiwezi kumfufua imuulize kwa nini.

Sasa kuna hoja ambazo lazima mtazisikia, maana mimi nazisikia kila wiki. Ya kwanza ni karo. "Huyu dada alisomeshwa mpaka yunivasiti, shamba liliuzwa kwa ajili yake, naye ahesabiwe." Mimi siikubali, na mahakimu niliosimama mbele yao mara nyingi hawakuikubali pia. Kusomesha mtoto ni wajibu wa mzazi, kama kumlisha na kumpeleka hospitali. Zawadi ya kuhesabiwa ni mali ya kumwanzishia mtu maisha, shamba, ploti, mtaji, gari la biashara. Ya pili ni mahari, eti binti aliolewa na ng'ombe wakaja nyumbani, basi amepata. Jamani, ng'ombe walikuja kwa baba, hawakwenda kwa binti! Kwa sheria binti aliyeolewa ni mtoto kama wengine, chungu chake ni kile kile, na kama hakupewa kitu hakuna cha kumtolea.

Na kwa wale ambao baba alikuwa na wake wawili, mmesikia nilivyosoma, kifungu kinataja nyumba pia. Mzee akiwa hai alikatia nyumba ya kwanza eka 10 ili amani iwepo, basi zile 10 zinahesabiwa kwa hiyo nyumba wakati kifungu cha 40 kinagawa mali kwa nyumba kulingana na idadi ya watoto, pamoja na mjane aliye hai kama mtu mmoja zaidi. Kama mama yupo na ni mke mmoja tu, mambo yanatulia kwanza, yeye anashika mali maisha yake yote, ila isiandikwe mahali popote kwamba zawadi zimesahaulika, maana zitahitajika siku yake ikifika.

Ningependa mjue pia sheria hii inaishia wapi. Ndugu zetu Waislamu mali zao zinakwenda kwa sheria ya Kiislamu, na huko hiba iliyotolewa na kupokelewa mtu akiwa mzima ina hukumu zake, muulizeni Kadhi, msichukue hesabu yangu. Na hapa juu tu, ukivuka kuingia Pokot Magharibi, ardhi ya kilimo na mifugo iko kwenye orodha ya maeneo ambayo sheria hii iliyaachia mila katika ugawaji wa mtu asiyeacha wosia. Kwa hivyo mtu wa Kapenguria aje na swali lake kivyake.

Jambo ambalo linaniumiza zaidi ni hili. Korti haijui kama hakuna anayeiambia. Mkienda kuomba usimamizi wa mirathi mnajaza fomu P&A 5, na pale unaorodhesha mali iliyokuwa ya marehemu alipokufa pamoja na madeni. Zile eka 4 za kifungua mimba si za marehemu tena, kwa hivyo hazitaonekana pale, na hakuna aliyedanganya! Barua ya chifu itaandika majina ya watoto, haitaandika nani alipewa nini. Tangazo linatoka kwenye Gazeti la Serikali, siku 30 zinapita, barua za usimamizi zinatolewa, miezi 6 inafika, ndugu mmoja anapeleka mgao kortini ili uthibitishwe, na ndani ya faili lote hakuna neno hata moja kuhusu 1998. Hakimu ataona watoto watano na eka 15, atagawa eka 3 kila mtu na roho yake iko safi.

Kwa hivyo pa kusema ni pale kwenye kuthibitisha. Kuna fomu ya kukubali mgao ambayo kila mrithi anatia sahihi, na mabinti wengi wanaitia kwenye boneti ya gari, kaka amekuja na kalamu, "dada weka hapa tu ni ya korti". Someni. Kama mgao umeruka zawadi, usitie sahihi, peleka afidaviti ya kupinga, ni Fomu 10 kwenye kanuni za mirathi, na ndani yake usiandike hasira, andika: tarehe fulani baba alimpa fulani kitu fulani, namba ya shamba ni hii, na ushikize grini kadi, konsenti ya bodi, makubaliano, picha ya mkutano kama ipo. Yule mama wa mfuko wa nailoni alikuwa amebakisha siku nne tu kabla ya tarehe ya kusikizwa. Baada ya mgao kuthibitishwa na hati mpya kutoka, kurudisha nyuma kunawezekana kwa sababu chache, na ni gharama, na wakati mwingine eka zenyewe zimeshauzwa kwa mtu asiyejua lolote.

Nilipomaliza hapo, mzee mmoja aliyekaa nyuma aliinuka, akaniuliza mbele ya watu wote: "Loya, mimi nina binti yangu ndiye ananitunza, ananiosha, ananipeleka kliniki. Nimempa eka mbili na hati anayo. Sitaki zihesabiwe, nataka hizo ziwe juu ya fungu lake. Nikiwaambia watoto wote hivyo kwenye mkutano inatosha?"

Nikamwambia haitoshi, baba. Kifungu cha 42 kinasema lazima ihesabiwe, hakikusema "isipokuwa mzee alitaka vingine". Maneno ya mkutano yanaweza kuwalainisha ndugu, hayamfungi hakimu. Lakini kifungu hicho ni cha mali isiyo na wosia, kwa hivyo dawa yako ni wosia. Andika kwamba eka mbili ulizompa ni zake na hazitolewi kwenye fungu, kisha ugawe kilichobaki vile unavyotaka, bila kumwacha mtoto yeyote patupu, maana huyo anaweza kwenda kortini chini ya kifungu cha 26 na hata hapo korti itauliza ulimpa nini ukiwa hai. Tia sahihi au dole mbele ya mashahidi wawili, nao watie sahihi zao ukiwa unaona.

Akauliza tena: "Na huyo binti akiwa shahidi?"

Hapana baba, asiwe yeye. Sheria inasema shahidi anayepewa kitu kwenye wosia anaweza kukipoteza kwa sababu ya ule ushahidi wake, mpaka wawepo mashahidi wengine wawili wasiopewa kitu. Leta majirani wawili, na binti akae nje akikungoja.